Mkalimani Naye Huenda Kunywa Chai: Wanataaluma Wenye Ulemavu na Mikutano ya Kufahamiana Kikazi

Mkutano mkuu wa chama cha wahasibu, mawakili au wahandisi huwa na sehemu mbili. Ya kwanza imeandikwa yote kwenye ratiba: hotuba ya ufunguzi, mada, maswali na majibu. Ya pili huonekana kwenye ratiba hiyo kwa maneno machache tu, yaani chai, chakula cha mchana na mchapalo wa jioni. Mada zinaweza kusomwa baadaye. Mtu atakayetaja zabuni inayokuja, au atakayesema ofisi fulani inatafuta mkaguzi, hupatikana kwenye sehemu ya pili.

Kwa mwanataaluma kiziwi, asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu, mgawanyo huu una uzito wa pekee, kwa sababu karibu kila huduma anayoandaliwa huelekezwa kwenye sehemu ya kwanza. Mkalimani wa lugha ya alama husimama kando ya jukwaa mada zikitolewa, na chai ikitangazwa naye huenda kunywa chai. Vipaza sauti vipo ukumbini, havipo barazani wanakosimama watu na vikombe. Mteremko wa kiti cha magurudumu unafika hadi mlango wa ukumbi, kumbe chakula cha usiku kimeandaliwa mchangani, ufukweni. Anayechagua mkutano wa kwenda, au anayemwandikia mwandaaji, atafanya vema kuanza na saa hizo zisizo na mada.

Ugumu wa mchapalo kwa mtu mwenye usikivu hafifu una maelezo ya kifizikia. Mtu anayezungumza kwa kawaida husikika kwa takriban desibeli 60 umbali wa mita 1. Chumba chenye watu 100 wanaoongea kwa pamoja, kuta ngumu na sakafu ya vigae hufika desibeli 75 au zaidi kwa urahisi, na kila mtu hupaza sauti ili asikike, jambo linalozidisha kelele. Mtu mwenye masikio mazima huweza kufuata maneno hata sauti ya mwenzake ikilingana na kelele iliyomzunguka. Anayevaa shimesikio kwa kawaida huhitaji sauti hiyo iizidi kelele kwa desibeli kadhaa, kwa sababu kifaa chake hukuza kelele pamoja na maneno. Kukiongezea kifaa sauti hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kupunguza umbali, kupunguza kelele, au kuweka kinasa sauti karibu na mdomo wa msemaji. Kinasa kidogo cha kubandika kifuani, kinachorusha sauti moja kwa moja hadi kwenye shimesikio, hufanya kazi nzuri kikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, lakini kwenye mchapalo lazima kipite kutoka kwa mtu hadi mtu, na wengi huona haya kukipokea.

Ndiyo maana zoezi la kufahamiana kwa haraka, ambalo watu huketi wawili wawili na kuhama kengele inapolia kila baada ya dakika chache, ni baya kwa kundi hili ingawa kwa macho linaonekana limepangika. Jozi 20 zikizungumza kwa wakati mmoja katika chumba kimoja, kelele ni ile ile ya mchapalo. Kwa anayetumia mkalimani kuna tatizo la ziada la muda: ukalimani huchelewa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache, mtu huhitaji kumtazama mkalimani kisha kumtazama mwenzake, na dakika 4 huisha salamu zikiwa hazijaisha. Zoezi hilo hilo likipewa dakika 10 hadi 12 kwa kila jozi, na jozi zikatawanywa katika vyumba viwili au kwenye ukumbi na baraza, hubadilika kabisa.

Mpangilio unaowafaa wengi zaidi ni wa kawaida mno: meza ya watu 6, wote wameketi, katika kona isiyo na spika, mwanga ukiwaangukia usoni badala ya kutoka dirishani nyuma yao. Asiyesikia vizuri huona midomo ya wote watano. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hulingana kimo na wenzake. Asiyeona anajua kuna nani na ameketi wapi, iwapo kila mmoja atataja jina lake kabla ya kusema. Kasoro yake ni kwamba mtu hukutana na watano tu, na hao huenda si aliowataka. Dawa ni kuhamisha watu kati ya meza kila baada ya dakika 20, kwa sharti kwamba anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye mkalimani na asiyeona hubaki walipo na wengine ndio wanaozunguka. Sharti hili dogo husahauliwa mara nyingi. Matokeo yake mtu hutumia nusu ya muda wake akitafuta njia kati ya viti.

Kwa asiyeona, kikwazo kikubwa katika mkusanyiko wa kusimama ni kukosa uchaguzi. Wengine huangaza macho, humwona mkurugenzi waliyemtafuta, humsogelea. Yeye hubaki mahali alipoachwa na kuzungumza na anayekuja, naye anayekuja mara nyingi huanza kwa kuuliza, "Unanikumbuka?" bila kujitaja. Vitambulisho vya jina vinavyoning'inia shingoni havimwambii chochote. Jambo linalombadilishia hali ni orodha ya washiriki iliyotumwa siku kadhaa kabla, ikiwa katika maandishi ambayo programu ya kusoma skrini inaweza kuyatamka. Karatasi iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF haifai, kwa kuwa programu hukuta picha tupu. Akiwa na orodha, huchagua watu watano au sita anaotaka kuonana nao, na kuwaandikia kabla ili wapange dakika 15 kila mmoja, mahali panapojulikana. Kwa njia hiyo mkutano mkubwa huwa mfululizo wa miadi midogo, na bahati haina nafasi kubwa tena.

Anayehitaji mwongozaji ndani ya ukumbi atamweleza mwandaaji kazi ya mwongozaji huyo kwa maneno ya wazi: kumpa kiwiko cha mkono na kutembea hatua moja mbele, kumwambia nani yupo na nani yuko peke yake kwa sasa, kumfikisha kwa mtu anayemtaka na kurudi nyuma. Kuzungumza kwa niaba yake hakumo. Mwanafunzi wa kujitolea asiyeelezwa hivyo huanza kujibu maswali yaliyoulizwa kwa wakili anayemwongoza, na baada ya dakika chache watu huzungumza na mwanafunzi. Kwa mwenye uoni hafifu mahitaji ni tofauti kidogo, na mara nyingi yanahusu mwanga. Ukumbi unaotazama bahari, wenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, unaweza kumfanya aone vivuli vya watu bila nyuso. Akipewa kiti chenye mgongo kuelekea dirisha, tatizo lake hupungua bila gharama yoyote, ingawa kiziwi aliyeketi mbele yake sasa atamwona akiwa kivuli. Migongano ya aina hii ipo, na pazia lililovutwa nusu humaliza mingi ya hiyo.

Katika mambo ya mwendo, vipimo hujibu maswali ambayo maneno hayawezi kuyajibu. Hoteli nyingi zikiulizwa kama zinafikika kwa kiti cha magurudumu hujibu ndiyo kwa nia njema, kwa kuwa msimamizi anakumbuka kwamba kuna ngazi tatu tu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kwa mteremko unaokubalika wa 1 kwa 12, kimo hicho kinahitaji njia ya urefu wa mita 5.4. Ubao wa mita 1.5 unaoletwa asubuhi ya mkutano una mwinuko mkali mara tatu na zaidi ya huo, na mtu hawezi kuupanda bila kusukumwa na wawili. Mlango unatakiwa kuacha upenyo wa angalau sentimita 80 ukiwa wazi. Meza ndefu za mchapalo huwa na kimo cha karibu sentimita 110, ambacho ni usawa wa uso wa mtu aliyeketi, ilhali meza ya kawaida ina sentimita 75. Lifti inahitaji swali la pekee: umeme ukikatika, je, jenereta inaiendesha lifti, au inawasha taa na viyoyozi tu? Na choo kinachofikika kikaguliwe kwa kufunguliwa mlango, kwa kuwa si ajabu kukikuta kimegeuzwa stoo ya viti na ndoo.

Watumiaji wa magongo husahauliwa zaidi, kwa kuwa wanasimama na wanaonekana wamemudu. Lakini mwenye magongo mawili hana mkono wa kushikia sahani wala glasi, na chakula cha kujihudumia humlazimu ama kuomba msaada kwa mtu aliyetaka kuzungumza naye kikazi, ama kukaa na njaa. Ombi lake ni fupi: kiti karibu na mahali watu wanapokusanyika, na mhudumu wa kumletea chakula.

Mikutano ya mtandaoni na makundi ya WhatsApp huondoa ngazi na safari, kisha huleta vikwazo vyake. Kundi la wanataaluma linaloendeshwa kwa ujumbe wa sauti humwacha kiziwi nje ya mazungumzo yote. Kundi linalotangaza nafasi za kazi kwa picha za mabango humwacha nje asiyeona, kwa kuwa programu yake ya TalkBack au VoiceOver mara nyingi humwambia tu kwamba kuna picha. Kanuni moja huwafaa wote wawili: kila ujumbe wa sauti na kila bango lifuatwe na mistari miwili mitatu ya maandishi. Kwenye Zoom, mwenyeji wa mkutano anaweza kumweka mkalimani mbele ya skrini za wote kwa Spotlight, au kila mshiriki akamshikiza kwenye skrini yake kwa Pin. Mambo huharibika pale watu wanapogawanywa katika vyumba vidogo, ambako ndiko kufahamiana kunakofanyika. Mwandaaji akigawa kwa bahati nasibu, kiziwi huingia chumba kimoja na mkalimani wake kingine. Asiyeona naye hutatizwa na maandishi ya gumzo, kwa sababu programu humsomea kila ujumbe unaoingia wakati huo huo mtu anapozungumza. Anaweza kuzima tangazo hilo, lakini basi hatajua kilichoandikwa hadi msimamizi akisome kwa sauti mwishoni mwa kila kipengele.

Manukuu ya kujiendesha yanayotokea chini ya skrini ni msaada wa kweli kwa Kiingereza kinachotamkwa polepole. Kwa mazungumzo ya Nairobi au Dar es Salaam, ambamo sentensi huanza kwa Kiswahili na kumalizikia kwa Kiingereza, hukosea mno, na hukosea vibaya zaidi kwenye majina ya watu na ya kampuni. Hayo ndiyo mtu aliyekuja kufahamiana anayahitaji kuliko yote. Kila mshiriki kuandika jina lake na ofisi yake kwenye gumzo kabla ya kuanza kusema huziba pengo hilo.

Kuhusu kumwandikia mwandaaji, fomu ya kujiandikisha mara nyingi huwa na swali moja, "Je, una mahitaji maalumu?", lililowekwa chini ya swali la chakula. Jibu la "natumia kiti cha magurudumu" au "sisikii vizuri" humwambia mwandaaji mtu ni nani bila kumwambia afanye nini, naye hujaza mwenyewe kwa kukisia. Ombi linalotekelezeka hutaja kitu chenyewe, idadi yake, saa zake na mahali pake, pamoja na ushahidi utakaoonyesha kwamba kimefanyika. Jina la ugonjwa au historia ya ulemavu havihitajiki. Sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na mtu ana haki ya kuomba ujumbe wake usomwe na wahusika wa maandalizi peke yao.

Chukulia mhasibu kiziwi wa Dar es Salaam anayetaka kuhudhuria mkutano wa kikanda wa siku 2 mjini Mombasa. Jambo la kwanza la kuzingatia ni lugha. Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha mbili, na mkalimani wa Mombasa, hata awe hodari vipi, huenda asifuatwe vizuri na mhasibu huyu katika maneno ya kodi na ukaguzi. La pili ni kwamba mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi siku nzima. Kwa kazi inayozidi saa moja hivi huhitajika wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu usahihi hushuka akili inapochoka. La tatu ni nauli na malazi, kwa kuwa wakalimani watatoka Tanzania. Kwa hiyo anaandika wiki 6 kabla:

"Nimejiandikisha kwa mkutano wa tarehe 12 na 13. Mimi ni kiziwi na ninatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Naomba wakalimani 2 wa lugha hiyo siku zote mbili, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na kwenye mchapalo wa siku ya kwanza saa 1:00 hadi saa 3:00 usiku. Naomba wawe nami kwa zamu wakati wa chai ya saa 4:30 na chakula cha saa 7:00. Mada za saa 8:00 hadi saa 9:30 alasiri sitahitaji ukalimani. Nitumieni maandishi yake, na wakalimani wapumzike muda huo. Naomba mada na majina ya wasemaji viwafikie wakalimani siku 5 kabla. Kwenye mchapalo naomba meza moja ya kukaa, mahali penye mwanga, mbali na muziki. Ninaweza kuwapa mawasiliano ya wakalimani niliowahi kufanya nao kazi. Tafadhali nithibitishieni ifikapo tarehe 15 ya mwezi huu, ili nipate muda wa kupanga njia nyingine kama haitawezekana."

Ufunguo wa ujumbe huu ni zile mada za alasiri. Wakalimani ni lazima wapumzike, na wasipoelezwa watapumzika wakati wa chai. Mhasibu ameacha kipindi anachoweza kukisoma, na kwa hicho amenunua saa za mazungumzo ambazo hazina maandishi. Tarehe ya jibu nayo ina kazi: bila hiyo, ukimya wa mwandaaji unaweza kuendelea hadi siku ya safari.

Jibu linalorudi mara nyingi ni la mstari mmoja: "Usijali, mkalimani yupo." Hapo maswali ya kuuliza ni manne, na hakuna hata moja la adabu mbaya: ni wangapi, wa lugha gani ya alama, mkataba wao unaishia saa ngapi, na nani atakuwa kwenye mchapalo. Ikigundulika kwamba ni mmoja, wa Lugha ya Alama ya Kenya, hadi saa 11:00 jioni, mhasibu hulazimika kujadiliana. Anaweza kukubali mmoja wa Tanzania kwa saa za chai, chakula na mchapalo peke yake, na mada azifuate kwa maandishi. Anaweza pia kutumia mkalimani aliye Dar es Salaam kwa simu ya video, lakini njia hiyo ina mtego: mkalimani huyo anahitaji kusikia, na simu iliyoshikwa mkononi katikati ya kelele humpelekea kelele. Huhitajika kinasa sauti cha kubana kwenye nguo ya msemaji, kifaa cha kusimamishia simu mezani, na intaneti iliyojaribiwa mahali pale pale pa mchapalo kwa kuwa ile ya ukumbini huenda isifike bustanini.

Sheria ipo nyuma ya maombi haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ubaguzi, na unaweka mpaka kwamba marekebisho hayo yasiwe mzigo uliopita kiasi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inatambua haki ya kutumia lugha ya alama na nukta nundu, na ya kufika mahali pote kwa namna inayofaa. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Katika maandalizi ya mkutano, kinachojadiliwa hasa ni ule mpaka wa mzigo, na hapo ombi lenye idadi na saa lina nguvu kuliko ombi la jumla, kwa kuwa linaweza kuhesabiwa gharama na kulinganishwa na bajeti ya maua, muziki na mabango. Ombi la jumla huwa rahisi kulikataa kwa neno "gharama" bila hesabu yoyote kuonyeshwa.

Vyama vya watu wenye ulemavu husaidia katika hatua hii. CHAVITA kwa viziwi wa Tanzania, na Chama cha Wasioona Tanzania, ni mahali pa kuanzia kwa mwandaaji asiyejua pa kumpata mkalimani au mtu wa kukagua maandishi. Mwanataaluma anayevitaja kwenye ujumbe wake humwondolea mwandaaji kisingizio cha kutojua.

Iwapo jibu la mwisho ni hapana, mwandaaji hutoa mara nyingi kiungo cha kufuatilia mkutano mtandaoni. Kiungo hicho hutosha kwa anayetaka mada. Kamera ikizimwa saa ya chai, hakina chochote kwa anayetaka kufahamiana. Kinaweza kuboreshwa kwa ombi la aina ile ile: orodha ya washiriki kabla ya siku, vikao viwili au vitatu vya dakika 15 na watu waliotajwa kwa majina, vikiwa kwa maandishi au pamoja na mkalimani, na ada ya kujiandikisha ipunguzwe kwa kuwa nusu ya mkutano haikutolewa.